Kupunguza Makosa katika Rekodi za Kliniki ya Wajawazito kwa Mzunguko wa DMAIC: Suala la Pengo na Namba ya Kubuni

1.0 Utangulizi

Mzunguko wa DMAIC, yaani kufasili, kupima, kuchanganua, kuboresha na kudhibiti, ulikua ndani ya mbinu ya Sigma Sita iliyoanzishwa katika kampuni ya Motorola mwaka 1986. Asili yake ni kiwandani, na jambo hilo lina athari kubwa kwa mtafiti anayeupeleka kliniki. Kiwandani, bolti iliyotiliwa shaka hubaki ghalani na inaweza kupimwa tena kesho. Kliniki, shinikizo la damu la mama aliyehudhuria Jumanne haliwezi kupimwa tena Ijumaa. Kinachobaki ni namba iliyoandikwa, na namba hiyo haina alama inayoonesha kama ilisomwa kwenye mashine au ilitoka kichwani mwa mwandishi.

Makala hii inafafanua hatua tano za mzunguko huo kwa kufuata mradi mmoja katika kliniki ya wajawazito ya kituo cha afya nchini Tanzania. Hoja inayosimamiwa ni kwamba kosa la rekodi lina sura mbili zinazovutana. Kuna pengo, ambalo kila mkaguzi huliona, na kuna namba ya kubuni, ambayo hakuna anayeiona. Mradi unaohesabu mapengo peke yake unaweza kuonekana umefanikiwa wakati umehamisha tu makosa kutoka sura ya kwanza kwenda ya pili.

Kliniki inayotumiwa ni ya mfano. Nyaraka zake ni zile zinazotumika nchini, lakini hesabu zimetungwa ili msomaji aweze kuzifuata na kuzikokotoa upya. Hazipaswi kunukuliwa kama matokeo ya uchunguzi wa uwandani.

2.0 Kufasili: kosa ni nini na linamgusa nani

Mama mjamzito anapohudhuria kliniki, taarifa zake huandikwa mahali pawili. Kadi ya mjamzito, inayojulikana kama RCH 4, hukaa kwa mama mwenyewe. Kitabu cha MTUHA Namba 6 hubaki kituoni, na ndicho kinachotumika kujumlisha taarifa ya mwezi inayoingizwa katika mfumo wa DHIS2. Kwa hiyo kosa moja linaweza kusafiri katika njia mbili. Likiwa kwenye kadi, linamfuata mama hadi chumba cha kujifungulia. Likiwa kwenye kitabu, linakwenda wilayani na kuwa sehemu ya takwimu.

Timu ya mradi ilichagua kuanza na njia ya kwanza, kwa kuwa madhara yake ni ya haraka zaidi. Shinikizo la damu la 140 kwa 90 au zaidi, likiambatana na protini kwenye mkojo, ni dalili ya hali inayoweza kuishia katika kifafa cha mimba. Mama aliyeandikiwa 120 kwa 80 bila kupimwa, na ambaye safu yake ya mkojo ina kistari tu, hataitwa tena wala hatapewa rufaa. Hapo kosa la karatasi limekuwa la tiba.

Vilichaguliwa vipengele sita tu: jina na namba ya usajili, siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho pamoja na umri wa mimba, shinikizo la damu, kiwango cha damu, protini kwenye mkojo, na dozi ya SP ya kukinga malaria. Miradi mingi ya aina hii huharibika hapa kwa tamaa. Kadi ina vipengele vingi, na timu inayotaka kuvikagua vyote hujikuta na fomu ambayo hakuna mtu anayeijaza kwa uaminifu ifikapo wiki ya tatu.

Swali la pili la kufasili lilikuwa kizio cha kuhesabia. Je, kinachohesabiwa ni kipengele chenye kosa au rekodi yenye kosa? Katika ukaguzi wa awali wa rekodi 300, vipengele vilikuwa 1,800 na makosa 162, sawa na asilimia 9. Lakini makosa hayo yalikuwa yametawanyika katika rekodi 108, yaani asilimia 36 ya rekodi zote. Namba zote mbili ni sahihi, na mtu anayetaka kuipendezesha kliniki atachagua ya kwanza. Timu ilichagua ya pili kwa sababu mama huhudumiwa kwa rekodi nzima, si kwa kipengele kimoja kimoja. Kwa msingi huohuo, timu haikutumia kiwango cha sigma. Kiwango hicho huongezewa 1.5 kwa mazoea ya kiviwanda ambayo hayana utetezi wowote katika kliniki yenye wahudumu wawili.

3.0 Kupima: kupima kipimo kwanza

Njia iliyozoeleka ya kuhakiki takwimu za kituo ni kuhesabu upya mahudhurio katika kitabu na kugawanya kwa idadi iliyomo katika taarifa ya mwezi. Jibu likikaribia 1, taarifa huhesabiwa kuwa nzuri. Uwiano huo una kazi yake, lakini hautoshi kwa mradi huu. Mama kumi waliohesabiwa mara mbili na mama kumi waliosahauliwa hufutana, na uwiano unabaki 1 ilhali rekodi ishirini zina kosa. Isitoshe, uwiano unalinganisha karatasi na karatasi. Hausemi lolote kuhusu kama mama alipimwa.

Kwa hiyo makosa yaligawanywa katika aina tatu kulingana na jinsi yanavyoweza kutambuliwa. Pengo ni safu isiyo na kitu, na huonekana kwa macho. Mgongano ni pale kadi na kitabu vinapotofautiana, au taarifa mbili zinapokataana zenyewe kwa zenyewe. Ikiwa hedhi ya mwisho ilianza wiki 20 zilizopita na umri wa mimba umeandikwa wiki 26, hesabu ya siku inatosha kuonesha kwamba moja si kweli. Aina ya tatu, namba ya kubuni, haiwezi kutambuliwa katika rekodi moja. Huweza kutiliwa shaka tu katika kundi la rekodi, na njia yake itaelezwa katika sehemu ya nne.

Kabla ya kuanza kuhesabu, wakaguzi wawili walipewa rekodi 40 zilezile, kila mmoja peke yake. Wote wawili waliziona 12 kuwa na kosa na 22 kuwa salama. Mkaguzi wa kwanza aliona kosa katika nyingine 4 ambazo mwenzake alizipitisha, na wa pili vivyo hivyo katika 2. Walikubaliana katika rekodi 34, sawa na asilimia 85. Hata hivyo, watu wawili wanaweza kukubaliana kwa bahati tu, na kipimo cha kapa cha Cohen huondoa bahati hiyo. Mkaguzi wa kwanza alitaja kosa katika rekodi 16 na wa pili katika 14, hivyo makubaliano ya bahati ni 0.53 na hesabu inakuwa:

```
kapa = (0.85 - 0.53) / (1 - 0.53) = 0.68
```

Kiasi hicho kinavumilika, lakini faida kubwa ya zoezi ilikuwa kuzisoma zile rekodi sita zilizobishaniwa. Nne kati yake zilikuwa na kistari katika safu ya mkojo. Mkaguzi mmoja alikisoma kistari kama "hakuna protini" na mwingine kama "hakupimwa". Walipoulizwa wauguzi, ilibainika kwamba nao walikuwa wakikitumia kwa maana zote mbili. Kistari kimoja, basi, kilikuwa kinabeba habari njema na ukosefu wa habari kwa wakati mmoja. Fasili ikarekebishwa ili kistari kihesabiwe kuwa pengo, na wakaguzi wakakubaliana katika rekodi 38 kati ya 40. Mtafiti anayeruka hatua hii hupata asilimia ya makosa inayopanda na kushuka kwa kutegemea nani alikagua wiki hiyo.

Ukaguzi wa msingi ulichukua wiki sita, rekodi 50 kila wiki, zilizochaguliwa kwa namba za bahati nasibu kutoka katika mahudhurio ya wiki nzima. Fomu ya ukaguzi haikuwa na jina la mama wala la muuguzi. Kutoandika jina la muuguzi kulipingwa mwanzoni na uongozi, na sababu ya msimamo huo itaonekana mbele.

4.0 Kuchanganua: kosa huzaliwa saa ngapi

Katika makosa 162, mapengo yalikuwa 90 na migongano 72. Mapengo 65 yalikuwa ya mkojo na kiwango cha damu, na 20 ya shinikizo la damu. Mgawanyo huo ungeweza kuishia katika maelezo yaliyozoeleka kwamba wauguzi wana kazi nyingi na wanahitaji semina. Timu iliuliza swali jingine: rekodi yenye kosa iliandikwa saa ngapi?

Mwangalizi aliketi kliniki katika wiki zote sita na kuweka alama kwa kila mama, akionesha kama kitabu kilijazwa mama akiwa mbele ya muuguzi au baadaye. Ni kweli kwamba anayetazamwa hubadilika, na kwa hiyo hali halisi huenda ilikuwa mbaya kuliko iliyoandikwa. Rekodi 140 zilijazwa papo hapo, na 28 kati yake zilikuwa na kosa, yaani asilimia 20. Rekodi 160 zilijazwa baadaye, na 80 zilikuwa na kosa, yaani asilimia 50.

Tofauti hiyo ni kubwa, lakini mtahini makini atauliza kama chanzo si ucheleweshaji bali msongamano. Siku za watu wengi ndizo siku za kuchelewa kuandika, na huenda uchovu ndio unaozaa makosa. Kwa hiyo rekodi ziligawanywa kwa siku. Katika siku zenye msongamano, makosa yalikuwa 11 kati ya rekodi 50 zilizoandikwa papo hapo, na 57 kati ya 110 zilizoandikwa baadaye. Katika siku tulivu yalikuwa 17 kati ya 90, na 23 kati ya 50. Kwa asilimia, ni 22 dhidi ya 52 kwa siku za msongamano, na 19 dhidi ya 46 kwa siku tulivu. Msongamano unaongeza idadi ya rekodi zinazocheleweshwa, lakini rekodi ikishacheleweshwa hupata kosa karibu kwa kiwango kilekile hata siku ambayo kliniki ina watu wachache.

Kwa nini kitabu kilijazwa baadaye? Kilikaa kwenye meza ya usajili, ambayo ni ya kwanza mama anapoingia. Shinikizo la damu lilipimwa meza ya pili, mkojo na damu vilikwenda maabara, na SP ilitolewa meza ya mwisho. Wakati majibu yanapatikana, mama na kadi yake walikuwa mbali na kitabu. Muuguzi wa meza ya pili aliandika kwenye kadi na kwenye kipande cha karatasi, na mchana vipande hivyo vilinakiliwa kitabuni. Kipande kilichopotea kiliacha ama pengo ama kishawishi.

Kishawishi hicho ndicho kinachochunguzwa kwa tarakimu ya mwisho. Mashine ya mkono ya kupimia shinikizo la damu ina mistari ya milimita mbili mbili za zebaki. Ikisomwa ipasavyo, namba ya juu inaishia kwa 0, 2, 4, 6 au 8, na katika kundi kubwa kila tarakimu hupata takriban asilimia 20. Katika rekodi 280 zilizokuwa na shinikizo la damu, 168 ziliishia kwa sifuri, sawa na asilimia 60. Mgawanyo wake ni wa kufundisha zaidi: kwa zilizoandikwa papo hapo zilikuwa 52 kati ya 130, asilimia 40, na kwa zilizoandikwa baadaye 116 kati ya 150, asilimia 77.

Inabidi kuwa mwangalifu hapa. Sifuri haithibitishi ubunifu. Muuguzi anayeona 118 na kuandika 120 amekadiria, hajadanganya, na asilimia 40 ya papo hapo inaonesha kwamba mazoea hayo yapo. Kipimo hiki pia hakifai kumshtaki mtu mmoja. Kinachoweza kusemwa ni kwamba pengo la asilimia 37 kati ya makundi mawili, yenye wauguzi walewale na mashine zilezile, haliwezi kuelezwa kwa mazoea ya kukadiria peke yake.

5.0 Kuboresha: jaribio lililoshindwa na lililofaa

Uongozi ulitaka suluhisho jepesi, na timu ilikubali lijaribiwe kwa wiki tatu. Kila Ijumaa idadi ya mapengo ya kila zamu ilibandikwa ubaoni. Matokeo yalivutia mara moja. Katika rekodi 150, mapengo yalikuwa 14, ilhali kwa kiwango cha awali yangekuwa 45. Laiti mradi ungepima mapengo tu, ungeandikiwa taarifa ya mafanikio na kufungwa.

Lakini shinikizo la damu lililoandikwa katika rekodi 144 liliishia kwa sifuri mara 121, yaani asilimia 84, kutoka 60. Mpangilio wa meza haukuwa umebadilika, vipande vya karatasi viliendelea kupotea, na vijiti vya kupimia mkojo viliisha kwa siku nne katika wiki ya pili bila kitabu kuonesha dalili yoyote ya upungufu huo. Safu zilikuwa zimejaa. Ubao uliondolewa, na ndipo uongozi ulipokubali kwa nini fomu haikuwa na jina la muuguzi.

Jaribio la pili lilikuwa na mabadiliko mawili. La kwanza lilikuwa kuhamisha Kitabu Namba 6 kutoka meza ya kuingilia hadi meza ya kutokea. Usajili ulibaki mwanzoni kwa kadi tu. Mama alipita vipimo vyote na kufika kwenye kitabu akiwa na kadi iliyojaa, na muuguzi akanakili akiwa na mama mbele yake. Vipande vya karatasi viliondolewa kabisa. La pili lilikuwa ruhusa ya kuandika kwamba kipimo hakikufanyika. Kistari kilipigwa marufuku. Herufi H ilimaanisha "haikupimwa", ikifuatiwa na sababu kwa neno moja, kama vile "vijiti" au "mashine". Herufi S ilimaanisha "majibu yanasubiriwa", na iliandikwa kwa penseli ili ifutwe majibu yakifika. Hakuna aliyeruhusiwa kufunga kliniki siku hiyo S ikiwa bado kitabuni bila kugeuzwa jibu au H.

Mpangilio mpya ulijaribiwa Jumanne peke yake kwa wiki mbili huku Alhamisi ikibaki ya zamani. Foleni ilijitokeza kwenye meza ya kutokea, na muda wa wastani wa mama kukaa kliniki uliongezeka kwa dakika 9. Gharama hii haipaswi kufichwa, kwa maana mama aliyechoshwa na foleni huenda asirudi. Ilipunguzwa kwa kupima kiwango cha damu kwa tone la kidole kwenye meza ya pili badala ya kumpeleka kila mama maabara. Ongezeko likashuka hadi dakika 3, na mpangilio ukahamishiwa siku zote mbili.

Katika wiki nane zilizofuata, rekodi 48 kati ya 400 zilikuwa na kosa, asilimia 12. Sifuri za shinikizo la damu zilirudi asilimia 41, karibu sawa na zile za papo hapo za mwanzo.

Mtahini ana haki ya kupinga hesabu hiyo. H haihesabiwi kuwa kosa, wakati kistari kilihesabiwa, na kwa hiyo sehemu ya kushuka huenda ni kubadilisha jina tu. Pingamizi hilo hujibiwa kwa kuhesabu upande ulio mgumu zaidi kwa mradi. Rekodi 22 zilikuwa na H bila kosa jingine lolote. Zikiongezwa zote kama makosa, jumla inakuwa 70 kati ya 400, yaani asilimia 17.5, ambayo bado ni chini ya nusu ya asilimia 36. Namba zote mbili ziliwekwa katika taarifa. Vilevile H zilianza kufanya kazi ambayo haikukusudiwa: mfamasia wa kituo alizitumia kuagiza vijiti, kwa kuwa kwa mara ya kwanza kitabu kilikuwa kinasema lini vimekosekana.

6.0 Kudhibiti: chati inayotazama pande mbili

Chati ya udhibiti, ambayo Walter Shewhart aliipendekeza mwaka 1924, huweka wastani na mipaka miwili. Kwa uwiano wa rekodi zenye kosa, mipaka hukokotolewa hivi:

```
p ± 3 * sqrt(p(1 - p) / n)
```

Kwa wastani wa 0.12 na rekodi 50 kwa wiki, mpaka wa juu ni 0.258. Maana yake kwa muuguzi mkuu ni nyepesi: wiki yenye rekodi 13 au zaidi zenye kosa inahitaji kuchunguzwa, na yenye 12 au pungufu haihitaji. Hata hivyo, mpaka huo ni mpana. Kliniki inaweza kuteleza kutoka asilimia 12 hadi 18 na kukaa hapo kwa wiki nyingi bila kuuvuka. Ndiyo sababu iliongezwa kanuni kwamba wiki nane mfululizo juu ya wastani ni ishara, hata kama hakuna iliyovuka mpaka.

Tatizo kubwa zaidi liko chini. Kwa rekodi 50, mpaka wa chini unakokotolewa kuwa hasi na hivyo kuwekwa sifuri, na chati haiwezi kutofautisha wiki njema na wiki njema kupita kiasi. Baada ya yaliyotokea wakati wa ubao, kushuka kwa ghafla nako kulipaswa kuwa ishara. Mpaka wa chini huwa chanya pale tu idadi ya rekodi inapozidi 9(1 − p)/p, ambayo hapa ni 66. Kwa hiyo, kwa ajili ya mpaka huo, wiki mbili ziliunganishwa kupata rekodi 100. Mpaka wa chini ukawa 0.0225, yaani rekodi 2 au pungufu zenye kosa katika wiki mbili. Ikitokea, jambo la kwanza linalofanywa ni kufungua safu ya shinikizo la damu na kuhesabu sifuri, kisha kutazama kama herufi H zimetoweka wakati ghala linaonesha kwamba vijiti vimeisha.

Mpango wa udhibiti uliandikwa katika nusu ukurasa na kubandikwa ndani ya jalada la kitabu. Unataja anayekagua, siku ya kukagua, maana ya H na S, na mahali kitabu kinapokaa. Kipengele hicho cha mwisho kinaonekana kama jambo dogo, lakini ndicho kilichovunjika kwanza: mwezi wa tano muuguzi mpya alihamishia kitabu kwenye meza ya usajili, kama alivyozoea kituo alichotoka, na wiki hiyo rekodi 15 kati ya 50 zilikuwa na kosa. Chati iliitambua Ijumaa, kitabu kikarudishwa Jumanne, na muuguzi mpya akaoneshwa jinsi ya kutumia penseli.

Mipaka hukokotolewa upya kila baada ya miezi sita, kwa masharti kwamba sifuri za kipindi hicho hazijazidi asilimia 50. Zikizidi, mipaka ya zamani huendelea kutumika na ukaguzi wa tarakimu hufanywa kwanza kwa kurudia kupima akina mama 30 mara tu baada ya muuguzi kuwapima. Kwa kuwa shinikizo la damu hubadilika lenyewe ndani ya dakika chache, tofauti ya chini ya milimita 10 za zebaki haihesabiwi kuwa kosa.